Hamsini za Bure

Mvinyo unapomiminwa kwenye glasi mbele ya mhakiki anayetumia mizani ya alama 100, tayari una alama 50 kabla hajainua glasi. Hamsini hizo hupewa kila mvinyo, uwe mtamu wa kusifiwa au uwe umegeuka siki. Kinachogombewa ni hamsini zilizobaki, na hata hizo hazitumiki zote, kwa sababu mvinyo uliopata 70 hautangazwi na mtu. Mizani inayoonekana ndefu kuanzia sifuri hadi mia ni kipande kifupi tu, kati ya 80 na 100, na humo ndimo biashara yote ya alama inamofanyika. Nimeona wanunuzi madukani wakisoma kibandiko cha "91" na kudhani kwamba mvinyo huo ni kama mwanafunzi aliyekosa maswali tisa katika mia. Sivyo. Ukitoa hamsini za bure, umepata 41 kati ya 50, na tofauti kati yake na mwenzake wa 88 ni alama tatu ambazo, kama tutakavyoona, mwonjaji huyohuyo angeweza kuzitoa au kuzirudisha baada ya robo saa.

Mtu aliyeieneza mizani hii ni Robert Parker, mwanasheria wa Marekani aliyezaliwa Baltimore mwaka 1947. Mwaka 1978 alianzisha jarida lake, The Wine Advocate, lisilochukua matangazo ya biashara, kwa sababu aliona waandishi wengi wa mvinyo wa zama hizo walikuwa karibu mno na wauzaji. Mizani iliyozoeleka kabla yake ilikuwa ya alama 20, na mojawapo ilitungwa na walimu wa Chuo Kikuu cha California, tawi la Davis, ili kubaini kasoro za utengenezaji. Parker alichagua mia kwa kuwa kila Mmarekani aliyesoma shule anajua maana ya kupata tisini na maana ya kupata sabini. Mavuno ya Bordeaux ya mwaka 1982 ndiyo yaliyompa jina. Yeye aliyasifu mapema na kwa sauti kubwa wakati wakosoaji wengine walisitasita, na waliomsikiliza wakanunua chupa ambazo bei yake ilipanda sana baadaye. Tangu hapo namba yake ikawa inasomwa kabla ya maneno yake.

Hebu tuufuate mvinyo mmoja mwekundu katika karatasi ya Parker. Baada ya hamsini za kuanzia kuna mafungu manne. Rangi na mwonekano vina alama 5 kwa jumla. Siku hizi mitambo ya kuchuja ni mizuri kiasi kwamba karibu kila mvinyo hupata 4 au 5 hapa. Harufu ina alama 15: mwonjaji anaangalia nguvu yake, usafi wake na wingi wa mambo yaliyomo, iwe tunda, viungo, moshi wa pipa la mwaloni au udongo baada ya mvua. Ladha, pamoja na muda inaokaa kinywani baada ya kumeza au kutema, ina alama 20. Hapa anapima kama utamu wa tunda, uchachu na ukakasi vinaelewana. Ukakasi ni ule ukavu wa ulimi unaoujua ukila bibo la mkorosho ambalo halijaiva, na katika mvinyo mwekundu hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na kwenye mbao za pipa. Fungu la mwisho, lenye alama 10, ni la ubora kwa jumla na uwezo wa mvinyo kuendelea kukua ndani ya chupa kwa miaka ijayo.

Tuseme mvinyo wetu umepata 4 kwa rangi, 13 kwa harufu, 17 kwa ladha na 8 kwa jumla. Ukijumlisha na hamsini unapata 92. Sasa tuseme mwonjaji huyohuyo ameuonja alasiri badala ya asubuhi, na katika mafungu matatu ya mwisho amekuwa mgumu kwa alama moja moja tu: 12, 16 na 7. Jumla inakuwa 89. Hakuna binadamu anayeweza kuapa kwamba harufu fulani inastahili 13 na si 12. Lakini vijialama hivyo vitatu vimeutoa mvinyo kwenye tisini, na tisini ndiyo mstari ambao maduka na waagizaji wanautazama. Katika mpangilio wa jarida la Parker, 90 hadi 95 ni mvinyo bora sana, na 80 hadi 89 ni kuanzia ulio juu kidogo ya wastani hadi ulio mzuri sana. Chupa mbili zinazokaribiana kama pacha zinaangukia katika maneno mawili tofauti.

Ni vizuri pia kujua kwamba waonjaji wengi wenye uzoefu hawajumlishi mafungu kila mara. Wanaonja, wanapata hisia ya mvinyo mzima, namba inawajia, kisha mafungu yanaufuata uamuzi. Mimi siwalaumu. Fundi wa nguo aliyeshona miaka thelathini anakutazama tu na kujua mita ngapi zinatosha, lakini naye akiwa amechoka au mwanga ukiwa hafifu, jicho lake linakosea kwa inchi.

Na kuchoka kupo. Kila mwaka, majira ya kuchipua, wahakiki na wanunuzi hukusanyika Bordeaux kuonja mvinyo wa mavuno yaliyopita, ambao una miezi kama sita tu na bado uko kwenye mapipa. Kwa siku moja mtu huonja makumi ya sampuli. Anatema kila funda, lakini kutema hakuokoi kila kitu. Ukakasi unatokana na viini vinavyoshikana na protini za mate, na kadiri unavyozidi kuonja mivinyo mikali, mate yanazidi kupoteza utelezi wake na kinywa kinakuwa kama kimepakwa chaki. Mvinyo mwepesi na mpole unaoonjwa baada ya mingine thelathini mizito unaonekana maji. Mvinyo mzito, wenye tunda lililoiva kupita kiasi na harufu kali ya pipa, ndio unaopenya uchovu huo na kujitambulisha. Jioni utakapoinywa hiyo miwili mezani pamoja na samaki, mwepesi unaweza kukufurahisha hadi tone la mwisho, na mzito ukauacha nusu glasi. Karatasi ya alama haikuwa mezani pale.

Kwa mvinyo ulio bado kwenye pipa, wahakiki waaminifu hutoa namba mbili badala ya moja, kama 92 hadi 94, kwa kuwa kazi haijaisha: mapipa hayajachanganywa kwa mara ya mwisho na chupa hazijajazwa. Muuzaji anapokuonyesha "94" peke yake, muulize kama namba hiyo ilitolewa mvinyo ukiwa kwenye pipa au kwenye chupa.

Aliyeamua kupima wapimaji wenyewe alikuwa Robert Hodgson, profesa mstaafu wa sayansi ya bahari ambaye pia alikuwa akimiliki kiwanda kidogo cha mvinyo kaskazini mwa California. Alikuwa ameshangazwa na mvinyo wake uleule kupata medali ya dhahabu katika shindano moja na kutoka mikono mitupu katika jingine. Aliwaomba waandaaji wa shindano la mvinyo la Maonyesho ya Jimbo la California wamruhusu kufanya jaribio, wakakubali. Kuanzia mwaka 2005, majaji waliletewa mikupuo ya glasi zipatazo thelathini zisizo na jina, kama kawaida yao. Kilichofichwa ni kwamba miongoni mwa glasi hizo, tatu zilikuwa na mvinyo mmoja, uliomiminwa kutoka chupa moja.

Majaji hawa hawakuwa watu waliookotwa njiani. Walikuwa watengenezaji wa mvinyo, wanunuzi wa maduka, wahudumu wa mvinyo wa mikahawa na waandishi. Matokeo ya miaka ya mwanzo yalichapishwa mwaka 2008. Jaji wa kawaida alitofautiana na nafsi yake kwa takriban alama nne juu au chini. Mvinyo alioupa 90 aliweza kuupa 94 ulipomrudia, na 86 ulipomrudia tena. Ni jaji mmoja tu katika kumi, hivi, aliyeweza kuziweka glasi zote tatu ndani ya daraja moja la medali. Na aliyefanya vizuri mwaka huu hakuwa lazima afanye vizuri mwaka unaofuata, jambo linaloashiria kwamba hata hao wachache huenda walibahatika. Kitu kimoja kilichonivutia katika utafiti huo ni kwamba majaji waliafikiana na nafsi zao zaidi pale walipoukataa mvinyo kuliko walipoupenda. Ubovu unatambulika kwa urahisi: siki ni siki, uozo ni uozo. Ugumu uko katika kutenganisha kizuri na kizuri zaidi, na hapo ndipo alama 88, 90 na 92 zinapokaa.

Kwa hiyo mimi husoma kila alama kama kipimo cha mzani wa sokoni ambao sindano yake inatetemeka. Kilo mbili na kilo tano hautazichanganya. Kilo mbili na kilo mbili na nusu, usiape. Mvinyo wa 95 na wa 82 kutoka kwa mwonjaji mmoja, katika kundi moja, karibu kila mara ni mivinyo tofauti kweli. Wa 91 na wa 89, chagua wenye bei nafuu.

Kutetemeka kwa sindano ni jambo moja, na tofauti ya ladha kati ya mtu na mtu ni jambo jingine. Wanunuzi wengi huyachanganya. Mwaka 2004 mvinyo wa shamba la Pavie la Saint-Émilion, wa mavuno ya mwaka 2003, uliwagawanya wahakiki wawili maarufu kuliko wote. Mwaka 2003 Ulaya ilikuwa na joto la kutisha, na zabibu ziliiva hadi kukaribia zabibu kavu. Parker aliusifu mvinyo huo na kuupandisha karibu kabisa na kilele cha mizani yake. Jancis Robinson, Mwingereza anayetumia mizani ya alama 20, aliupa 12, namba ambayo kwake ni ya mvinyo usiotamanika. Hapa hakuna aliyechoka wala kukosea kusoma glasi. Ukisoma maelezo yao unaona wote wawili waliuhisi uzito uleule na uivu uleule. Mmoja aliuona ni utajiri, mwingine akauona ni kupita mpaka. Mnunuzi aliyemjua kila mmoja anapenda nini aliweza kutabiri mvinyo huo utamfurahisha au la. Aliyesoma namba tu alibaki amepotea.

Jambo la tatu linalosogeza alama ni kile mwonjaji anachokijua kabla ya kuonja. Mwaka 2001 watafiti watatu wa Ufaransa, Morrot, Brochet na Dubourdieu, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux. Waliwapa mvinyo mweupe na kuwataka waeleze harufu yake. Kisha waliwapa mvinyo mweupe uleule, lakini ukiwa umetiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, ukiwa kando ya mweupe wa kawaida. Wanafunzi waliuelezea huo wa rangi kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yaliiamrisha pua. Kama rangi inaweza kufanya hivyo, basi jina la shamba maarufu, bei, na mwenye shamba aliyesimama kando ya glasi akitabasamu vinaweza kufanya zaidi. Jarida la Marekani la Wine Spectator husema waonjaji wake huonja chupa zikiwa zimefunikwa, wakijua aina ya mvinyo na mwaka tu. Wahakiki wengine huonja wazi, mara nyingi shambani kwenyewe, na hoja yao ni kwamba historia ya shamba husaidia kutabiri mvinyo utakavyozeeka. Hoja hiyo ina uzito kwa mvinyo wa kuwekwa miaka ishirini. Kwa chupa ya kunywa Jumamosi hii, mimi namwamini zaidi aliyefunikiwa.

Je, namba hizi zinahamisha fedha kweli, au wauzaji wangefika bei ileile bila hizo? Swali hili ni gumu kwa sababu mvinyo mzuri hupata alama nzuri na bei kubwa kwa pamoja. Bahati ya watafiti ilitokea mwaka 2003. Kwa kawaida Parker alionja Bordeaux majira ya kuchipua, kabla mashamba hayajatangaza bei zao za mauzo ya mapema. Mwaka huo, vita vya Iraki vilipokuwa vimeanza, hakusafiri, na mashamba yakapanga bei bila kujua atasema nini. Wachumi watatu, Ali, Lecocq na Visser, walilinganisha mwaka huo na mwaka uliotangulia, na wakakadiria kwamba alama za Parker ziliongeza wastani wa takriban yuro 2.80 kwa kila chupa. Fedha hizo mnunuzi aliilipia namba, si zabibu, kwani mvinyo ndani ya chupa usingebadilika kama Parker angebaki nyumbani, na mwaka huo kweli alibaki.

Turudi sasa kwenye rafu za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, ambako vibandiko hivi vya dhahabu vinaonekana zaidi kila mwaka, hasa kwenye chupa za Afrika Kusini, Chile na Italia. Kibandiko hakikuwekwa na mhakiki. Kimewekwa na mtengenezaji au mwagizaji, naye amechagua kipi cha kubandika. Fikiria mvinyo unaostahili 89 kwa haki, uliopelekwa kwa wahakiki watano. Kwa sindano inayotetemeka kama ile ya majaji wa California, si ajabu ukapata 86, 88, 89, 90 na 92. Ni ipi itakayochapwa kwenye kibandiko? Namba 92 si ya uongo, mhakiki aliitoa kweli, ila nne nyingine zimebaki kwenye droo. Ndiyo maana mhakiki anayetoa alama za juu hutajwa madukani kuliko mwenzake mgumu, na jina linalotajwa huuza magazeti. Kibandiko kisicho na jina la aliyetoa alama mimi nakiona kama pambo. Chenye jina, nakitafuta jina hilo na kusoma maneno yaliyoandikwa chini ya namba, kwa sababu humo ndimo nitajua kama mvinyo ni mkavu au mtamu, mwepesi au mzito, wa kunywa sasa au wa kusubiri.

Halafu tazama mwaka. Alama hutolewa kwa mavuno ya mwaka mmoja, lakini kadi ya matangazo hubaki imening'inia kwenye rafu hata baada ya shehena ya mwaka mwingine kuingia. Mwaka kwenye kadi na mwaka kwenye chupa visipolingana, alama hiyo ni ya mvinyo mwingine kabisa. Na kutokuwa na alama si kasoro. Chupa nyingi za Dodoma nilizonunua hazikuwa na kibandiko chochote, na hilo liliniambia tu kwamba hazikupelekwa kwa wahakiki, basi.

Kuna jambo moja ambalo hakuna mhakiki wa Ulaya au Marekani anayeweza kulijua, nalo ni safari. Alionja chupa iliyotunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi kama 13. Yako ilivuka bahari katika kontena, ikakaa bandarini, kisha ikasimama dirishani mwa duka lenye jua la saa nane mchana. Mvinyo uliopikwa na joto huvimba na kukisukuma kizibo juu, kwa hiyo pitisha kidole kwenye mdomo wa chupa: ukihisi kizibo kimetokeza chini ya karatasi, au ukaona michirizi yenye kunata shingoni, iache hapo hata kama imeandikwa 96. Ukiufungua mvinyo wa namna hiyo tunda lake lina ladha ya jamu iliyochemshwa, na uhai wake umekwisha. Niliwahi kulipa fedha nyingi kwa chupa ya 94 katika duka lisilo na kiyoyozi na kukuta hali hiyohiyo. Mhakiki hakuwa na kosa. Kasoro nyingine ni ya kizibo chenyewe kilichoshikwa na ukungu, ambacho huupa mvinyo harufu ya boksi lililolowa, na hiyo inaweza kuipata chupa moja ndani ya kreti na kuziacha nyingine salama.

Anayetaka kujua amwamini mhakiki gani hana njia fupi. Chagua mmoja au wawili, nunua chupa tatu au nne walizozieleza, za bei unayoimudu, na uandike kwenye daftari wao walisema nini na wewe ulihisi nini. Baada ya hapo utajua kwamba 90 ya huyu kwako ni mvinyo mzito mno, na 87 ya yule ni mvinyo wa kurudia. Kuanzia hapo namba ina maana, kwa sababu unajua mzani uliotumika.

Na kabla hujaandika alama zako mwenyewe daftarini, jipime. Mimi nilimwomba shemeji yangu ajaze glasi sita jikoni kutoka chupa mbili, tatu na tatu, azichanganye, aandike namba chini ya kila glasi na asiniambie lolote. Nilionja polepole, nikala mkate katikati, nikaandika. Chupa ya kwanza, ambayo niliiona nyepesi na chachu, niliipa 83, 84 na 82. Ya pili, iliyonipendeza, niliipa 87, 92 na 88. Tuliigeuza glasi ya 92 kutazama namba yake chini, kisha tukaigeuza ile ya 87, na shemeji akaniletea chupa moja tu kutoka jikoni.